Jibu Langu kwa Wakala wa Mbung'o

Kazi yangu ilikuwa mbu. Nasema hivyo kwa ufupi kwa sababu ndivyo watu wa Temeke walivyozoea kuisema, na wakiisema walicheka. Asubuhi nilipanda baiskeli, nikapita Keko, nikaingia mjini mpaka kwenye jengo moja la serikali lenye chumba cha darubini, na humo nilikaa mpaka alasiri nikitazama vidudu ambavyo wenzangu waliniletea katika vichupa. Wapo waliochota viluwiluwi kwenye mitaro na madimbwi ya Kurasini. Kiluwiluwi anayelala bapa juu ya maji ndiye wa mbu wa malaria. Anayening'inia kichwa chini siye. Hilo unaweza kumfundisha mtu kwa nusu saa akalijua maisha yake yote. Nililolijua mie, na waliolijua walikuwa wachache, ni kumshika mbu mzima kwa sindano mbili, kuivuta shingo yake polepole, na kumtoa tezi za mate bila kuzikata. Tezi zile ni ndogo kuliko ncha ya ukope. Unazilaza juu ya kioo, unazifunika kwa kioo kingine chembamba, unazibana kidogo, kisha unatazama kama zina vijidudu vya homa. Mkono ukitetemeka, huna kitu.

Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo miaka tisa. Darubini niliyoitumia ilikuwa na kioo cha chini kilichopasuka, na kila nilipomaliza kazi, vioo vyangu viliandikwa herufi za jina la mtu mwingine, Mzungu, ambaye aliingia chumbani mle mara mbili kwa wiki kuuliza kama madirisha yamefungwa.

Basi barua ile ilipokuja, ilinikuta pabaya.

Ilikuja ofisini, kwa kuwa huko kwangu Temeke hapakuwa na anwani. Aliyetaka kunipata alimwandikia mwajiri wangu. Karani mkuu alinikabidhi huku ameishika kwa vidole viwili kama anayenipa soksi. Bahasha ilikuwa na muhuri wa ofisi moja ya kuandikisha watu kazi, pale mjini. Ofisi ile niliijua. Kila mtu aliijua. Ndiyo iliyokusanya watu wa bara na wa kusini, ikawapandisha malori kwenda kukata mkonge. Manamba, ndivyo walivyoitwa. Nilidhani wamekosea mtu.

Hawakukosea. Wakala mwenyewe aliniandikia kwa mkono wake, kwa wino wa buluu, na akaanza kwa kunivisha kilemba cha ukoka ambacho hata bwana harusi angekionea haya. Sifa zangu, alisema, zimevuma. Mtu mwenye jicho kama langu hapatikani kati ya hapa na maziwa makuu. Yeye amehangaika usiku na mchana akitafuta mtaalamu, na kila mlango aliobisha ametajiwa mie. Niliposoma hapo nilicheka kwa dharau, kisha, nitasema kweli, nikarudia kusoma.

Baada ya sifa ikaja kazi. Kulikuwa na kituo kipya cha kuchunguza mbung'o, wale nzi wa ugonjwa wa malale, huko magharibi, mbele ya Tabora. Walimtaka mtu wa kupasua mbung'o na kutazama tezi zao, matumbo yao na midomo yao, kila siku, na kuwafundisha wengine wanne. Atakuwa na darubini yake peke yake, ya macho mawili. Atafundishwa kuchora mabawa kwa wino. Na kila kioo atakachokitengeneza kitaandikwa jina lake mwenyewe.

Sijui kama mtu ambaye hajawahi kufumba jicho moja miaka tisa anaweza kuelewa maana ya darubini ya macho mawili. Nilikaa juu ya kile kibago cha ofisini na barua mkononi, moyo unadunda kama wa kijana aliyepewa ahadi na msichana. Mbung'o ni mkubwa kuliko mbu; tezi zake ni ndefu, zimejikunja tumboni kama uzi. Nilikuwa nimeziona mara moja tu, kwenye mchoro.

Kisha nikageuza ukurasa.

Ukurasa wa pili haukuandikwa kwa mkono. Ulikuwa karatasi iliyopigwa chapa, ileile waliyowapa watu wa mkonge, na mahali palipoandikwa "mkata mkonge" palikuwa pamefutwa kwa mstari mmoja na kuandikwa juu yake "mtu wa darubini". Muda: miaka miwili. Mshahara: shilingi mia na thelathini kwa mwezi. Chakula: posho ya unga na maharage. Familia: itafuata baadaye ikiwezekana. Na chini kabisa, palipochapwa tangu zamani na hakuna aliyejisumbua kupafuta: blanketi moja, sufuria moja.

Mie nilikuwa nikipata mia na sabini.

Huyo mtu aliyehangaika usiku na mchana kunitafuta hakuhangaika hata kuuliza ninalipwa nini. Jicho ambalo halipatikani kati ya hapa na maziwa makuu alilitaka kwa kulipunguzia shilingi arobaini, na kulifunika blanketi. Nilidharau karatasi ile tangu juu hadi chini, lakini zaidi nilijidharau mwenyewe, kwa vile dakika chache tu zilizopita nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitauchoraje ubawa wa kwanza.

Siku hiyohiyo nilirudi nyumbani nikaketi mezani kuandika jibu. Nyumbani maana yake vyumba viwili vya kupanga, si mbali na kiwanja chetu wenyewe. Kiwanja tulikuwa tumekipata mwaka uliotangulia, kwa sharti la kujenga kabla ya mwaka mwingine kwisha. Usipojenga, wanampa mwingine. Tulikuwa tumesimamisha miti na kukandika kuta tatu. Mke wangu alikuwa anashona nguo za watu kwa cherehani, na nusu ya udongo wa kuta zile ulitoka kwenye sindano yake. Watoto wawili walikuwa shuleni. Hayo yote nilikuwa nayajua, wala hayakunifanya niandike kwa upole. Niliandika kurasa nne.

Ziliponikolea nilimsomea mke wangu. Nilisimama kabisa, kama anayehutubia. Niliuliza kwenye barua ile kama wakala anafahamu tofauti ya panga na sindano. Niliuliza blanketi hilo ni la kunifunika mie au la kumfunika yeye aibu. Nilimwambia kwamba mbung'o ana akili kumshinda, maana mbung'o akitaka damu ya mtu hamwandikii kwanza barua ya kumsifu.

Mke wangu alicheka mpaka akaiachia nguo. Alicheka vizuri sana, nami nikavimba kichwa. Alipokwisha kucheka alifuta macho akasema, "Umemtukana kweli. Sasa unataka nini?"

"Sitaki kitu kwake."

"Mwongo. Tangu umeingia unaongea mambo ya mabawa. Kazi unaitaka?"

Nikazipanga upya kurasa zangu.

"Kazi unaitaka," akasema. "Usichokitaka ni ile pesa, na huko mbali. Sasa mbona kwenye kurasa nne hizo hakuna hata mstari mmoja unaosema hivyo? Huyo mtu akisoma ataona una hasira tu. Mtu mwenye hasira hapandishiwi mshahara, Baba watoto. Anaachwa apoe."

"Kwa hiyo nimshukuru? Nimshukuru kwa sufuria?"

"Mshukuru kwa barua. Barua haina kosa. Halafu mwambie bei yako. Mie mtu akinipa kazi ya gauni kwa bei ya kijinga simtukani, namwambia gauni hili ni kiasi hiki. Akiondoka, kaondoka anaijua bei. Siku akipata pesa anarudi. Kumtukana utamtukana mwishoni, wakishakataa."

Alikuwa ameishia darasa la nne. Mie nilikuwa nimemaliza shule ya misheni kule kusini na nilijihesabu msomi. Nilizikunja zile kurasa nne nikaziweka chini ya godoro, kwa maana kuzichana niliona ni uharibifu.

Jibu nililolipeleka lilikuwa fupi. Mke wangu aliniambia niandike nakala mbili, moja ibaki, na kwa sababu hiyo nalikumbuka neno kwa neno:

"Kwa Bwana Wakala. Barua yako nimeipata, nashukuru. Kazi uliyoieleza ni kazi ninayoipenda na ninayoiweza, kwani nimetoa tezi za mbu kwa miaka tisa. Lakini kwa masharti yaliyoandikwa siwezi kuikubali, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mshahara. Sasa napata shilingi mia na sabini. Siwezi kuhama kwa chini ya mia mbili na ishirini, pamoja na nyumba. Ya pili ni mahali. Nina kiwanja ninachotakiwa kukijenga mwaka huu, na watoto wangu wanasoma hapa, hivyo siwezi kwenda kukaa miaka miwili. Naweza kuja wakati wa kiangazi, miezi miwili au mitatu, kuwafundisha watu wa kituo, mkuu wangu akiniruhusu. Nakuomba uwafikishie wenye kituo maneno haya. Kama wanaweza kubadili lolote kati ya hayo mawili, nitafurahi kujua. Kama hawawezi, nakutakia heri ya kumpata mtu, na kazi nyingine ikitokea usisite kuniandikia."

Maneno "usisite kuniandikia" yalinichoma kooni kama mwiba wa samaki. Niliyaandika hivyohivyo, nikatia saini, na kesho yake nikaipeleka ofisini kwake kwa baiskeli, nikamkabidhi mtu wa mlangoni.

Wiki mbili zikapita. Jumapili moja baada ya adhuhuri wakala akaja mwenyewe Temeke.

Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, amevaa kofia ngumu ya jua na koti la kaki, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa mtu wa bara, wa makamo, mvi zimemwingia pembeni. Nilimwamkia shikamoo kwa ajili ya mvi. Yeye mwenyewe hakuistahili. Akaitikia marahaba kama mtu anayepokea kodi. Nilimpa kiti barazani, mke wangu akamletea chai, kisha akarudi kwenye cherehani yake, hatua tatu kutoka tulipokaa, akaendelea kushona.

Alinywa kwanza. Akasifu chai. Akasifu upepo. Nikajua kwamba mtu huyu hawezi kuanza jambo bila kulipaka mafuta.

"Kijana," akasema, "barua yako nimeisoma. Mwandiko mzuri sana."

"Wenye kituo wamesemaje?"

"Hawajasema kitu. Sikuwapelekea."

Nilidhani sikusikia. "Hukuwapelekea?"

"Ningewapelekea nini? Wazungu wale wanataka mtu. Nikiwapelekea mtu anayeuliza nyumba, anayesema atakuja kiangazi kama ndege, wataniona mie ndiye sijui kazi. Nimekuja nikusaidie. Weka saini sasa hivi kwa mia na thelathini. Ukishafika, wakikuona ulivyo hodari, watakupandishia wenyewe."

"Wameandika hivyo?"

"Mambo hayo hayaandikwi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nakitaka," nikamwambia. "Kuinama siyo tabu. Lakini mzee, unaniambia niiname bila kuniambia mvungu wenyewe una nini."

Akatabasamu. Alikuwa na tabasamu la watu waliozoea kushughulika na wenye njaa, tabasamu la kungoja. Alidhani nikikaa kimya kidogo nitakuja tu. Nilimtazama vidole: katikati ya kidole cha shahada na cha kati palikuwa na doa la wino wa buluu. Nikawaza, vidole hivi ndivyo vilivyoandika kwamba sipatikani kati ya hapa na maziwa makuu, na barua hiyo labda wamepelekewa watu sita, kila mmoja hapatikani peke yake.

Cherehani ikasimama.

"Samahani, Baba," mke wangu akamwambia kwa adabu zote. "Hao wenye kituo, wao walisema watatoa kiasi gani?"

Wakala akageuza kikombe chake mkononi. "Hayo ni ya ofisi, mama."

"Kumbe walisema."

Wakala akainua kikombe anywe. Alitazama chini akakuta kwenye kikombe hamna chai. Mke wangu akaendelea kushona.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilishangaa kwa nini sikuelewa mapema. Watu wa mkonge hawakuuliza. Walipewa namba, wakapanda lori. Kama mwenye shamba alitenga kiasi fulani na wao wakakubali pungufu, tofauti ilikwenda mahali, na mahali penyewe palikuwa pamekaa kwenye kiti changu, pamevaa kofia ngumu. Mtu huyu hakujua malale ni nini. Hakujua mbung'o ana tezi. Alijua kupunguza.

"Mzee," nikamwambia, "jibu langu ni lilelile la kwenye karatasi. Sikuikataa kazi. Nimekataa mia na thelathini na miaka miwili. Ukiwapelekea barua yangu nitashukuru. Usipowapelekea, basi."

Akasimama. "Wapo watakaokubali," akasema.

"Najua wapo."

"Hata hapo ofisini kwako wapo." Akavaa kofia yake vizuri, akamuaga mke wangu, akaenda zake. Nilimsindikiza hadi mwisho wa ua, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Aliposema wapo, alikuwa na mtu tayari. Alikuwa mwenzangu mmoja, mtu wa kusini kama mie, mshika mbu. Yeye ndiye aliyezunguka alfajiri kwenye vyumba vya watu na kichupa, akiwakinga mbu walioshiba ukutani. Mtu mpole, mwenye mkono mzuri. Nilikuwa nimemfundisha kupasua kwa mapumziko ya mchana, na kati ya mbu watatu alifaulu mmoja. Yeye alikuwa anapata mia tu. Kwake mia na thelathini haikuwa tusi.

Alinifuata kwenye chumba cha darubini akaniuliza, kama mtu anavyomwuliza kaka yake, "Niende?"

Ningeweza kumwambia ninachokijua. Kwamba waulize wenye kituo walitenga nini, kwamba sema bei yako kwanza. Badala yake nikamwambia, "Nenda. Blanketi ni zuri, watu wa mkonge wanalisifu." Akacheka kwa kutojua afanye nini kingine. Wiki iliyofuata alipanda treni. Kumsindikiza stesheni sikwenda.

Nilimdharau kwa kukubali. Sasa nikilitazama jambo hilo naona dharau ile haikuwa na kazi yoyote isipokuwa kunifanya nisijisikie mwizi: nilikuwa nimemwacha mtu aende kudanganywa mbele ya macho yangu, kwa sababu alikubali kwa furaha kile nilichokikataa kwa uchungu.

Mke wangu nilipomweleza hakucheka. Aliuliza tu, "Ile nakala ya pili iko wapi?"

"Ya nini tena? Nafasi imejaa."

"Mwenye kituo hajui kwamba ulijibu. Mwache ajue. Jina la kituo limo kwenye barua."

Nikaitoa chini ya godoro, kutoka katikati ya kurasa nne za matusi, na kwa muda nilijaribiwa kupeleka zote tano. Nilipeleka moja. Niliongeza mistari michache kwamba barua hii niliipeleka kwa wakala na sina hakika kama iliwafikia. Kwamba nasikia nafasi imepata mtu, naye ni mtu mzuri, ana mkono mwepesi, akifundishwa vyema kwa miezi michache atafaa. Kwamba masharti yangu ni yaleyale endapo siku moja watahitaji. Nikaandika juu yake, kwa Daktari Mkuu wa Kituo. Safari hii haikunichoma kooni. Nilikuwa nimezoea.

Jibu lilichukua wiki sita. Lilipigwa taipu, mafungu mawili, hakuna salamu wala pole. Daktari alisema kwamba kituo kilikuwa kimetenga shilingi mia mbili na kumi kwa nafasi hiyo, na nyumba ya vyumba viwili. Alisema wakala "amekosea kidogo" katika kuandika, na mshahara wa mtu aliyekwisha kuajiriwa umesahihishwa tangu mwezi huu. Kisha alisema kwamba mtu huyo ni mwenye bidii lakini anazikata tezi. Je, mkuu wangu angeniruhusu nije miezi miwili ya kiangazi, kwa mshahara wangu wa sasa, nauli na posho juu ya kituo?

Nilisoma "amekosea kidogo" mara nyingi. Shilingi themanini kwa mwezi kosa dogo! Kama mie ningekosea kidogo hivyo katika kuhesabu mbu, ningekuwa nauza mkaa Kurasini. Wala hawakumfukuza wakala. Nilimwona mwaka huo na uliofuata, kofia ileile, akipanga watu kwenye malori kama kawaida. Daktari yule alisahihisha karatasi moja iliyomfika mezani. Zile nyingine zisizofika mezani hazikumhusu.

Mkuu wangu alikubali, kwa sharti kwamba nirudi na mbung'o wachache kwenye kichupa ili naye awaone. Nikaenda. Treni ya daraja la tatu mpaka Tabora, kisha lori kwenye vumbi la miombo siku nzima.

Ile darubini ilikuwa kama ilivyosemwa. Hilo lazima niliseme, maana katika barua nzima ya wakala ndilo neno la kwanza la kweli nililolikuta. Niliweka macho yote mawili, nikatazama, na tezi ya mbung'o ikanijia na unene wake, ikiwa imejikunja, inang'aa kama uzi uliolowa. Nilisahau kupumua. Mwenzangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Meza ilikuwa yake, kwenye kioo palikuwa na jina lake.

"Unaona?" akasema. "Ungekuja mwanzoni vingekuwa vyako hivi."

"Kwa mia na thelathini."

"Mie napata mia mbili na kumi," akasema, bila kiburi, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Hakujua imepandaje. Alidhani wamemwona hodari, kama wakala alivyomwahidi. Wakala alikuwa amempelekea hata salamu za kumpongeza. Alinionyesha nyumba yake, vyumba viwili, bati juu, na mke aliyefika mwezi uliopita. Akaniambia nikitaka ataniombea kazi kwa yule wakala, maana ni mtu mwema sana.

Nilifungua mdomo. Matusi yote ya kurasa nne yalikuwa ulimini, mabichi kabisa. Kisha nikawaza kwamba mtu huyu analala nyumbani kwake, na anayoyaamini yanamfanya aamke na furaha, na mie aliponiomba ushauri nilimwambia tu kuhusu blanketi. Nikamwambia, "Ukivuta, usivute kichwa. Bana tumbo kwa sindano ya kushoto, pole, halafu ungoje. Zitakuja zenyewe."

Tulikaa hivyo miezi miwili. Mwisho wa mwezi wa kwanza alikuwa haziharibu tezi tena ila moja kati ya kumi. Daktari, ambaye alizoea kutembea na mbwa wawili na kuongea na mbwa hao zaidi kuliko na sie, aliniuliza siku moja kama sitabaki. Mia mbili na ishirini, akasema, kama unavyotaka. Ilikuwa bei yangu mwenyewe, inasemwa na mtu mwenye uwezo wa kuitoa, na darubini ya pili ingeagizwa. Nilimwambia nashukuru, na kwamba mshahara sasa ni sawa, lakini mahali pamebaki palepale: nyumba yangu haijaezekwa, na watoto wako shuleni. Nikamwambia nitarudi kila kiangazi akinitaka. Alisema ataandika. Hakuandika. Mwaka uliofuata mwenzangu aliwafundisha wale wanne, na hapakuwa na haja yangu.

Nilirudi Temeke na kichupa cha mbung'o waliokufa njiani. Mke wangu alikuwa kwenye kiwanja, ukuta wa nne umesimama, makuti yamepangwa upande mmoja, na yeye yuko katikati ya vumbi anabishana na fundi aliyetaka kuweka mlango upande wa jua. Aliponiona hakuacha kubishana. Alimaliza kwanza, fundi akainua mlango akauhamisha, ndipo akanigeukia.

"Wamekupa?"

"Wamenipa. Mia mbili na ishirini."

"Ukasemaje?"

"Nikasema mahali hapafai."

Akanitazama nguo, vumbi la Tabora na vumbi la Temeke limechanganyika, kisha akanipa kamba za kufungia makuti, akanionyesha ngazi ilipo.